Mkalimani na Goti la Mama Mkwe

Dirishani kwa Obdulia Matesanz, katikati ya mafundo ya sufu na makopo ya vifungo, palikuwa na kibao cha mbao kilichoandikwa kwa mkono: "Nyuzi, zipu, Kiswahili." Nyuzi ziliuzwa kila siku. Zipu, msimu wa baridi. Kiswahili kiliuzwa mara mbili kwa miaka kumi na moja, na mara moja kati ya hizo mteja alikuwa Mreno aliyepotea njia.

Hata hivyo mji mzima wa Valdehornos ulimheshimu kwa hicho Kiswahili. Alikuwa ameishi Sikonge, mkoani Tabora, miaka kumi na minne akiwa mtawa mchoma sindano, kisha akagombana na mkuu wake kuhusu jokofu la chanjo lililokuwa likihifadhi soseji za mkuu, akavua shela, akarudi kwao Castilla, Hispania, na mabegi mawili na lugha moja ya ziada. Mjini watu walikuwa mia tisa na baa nne, na katika hao mia tisa hapakuwa na hata mmoja wa kumwambia amekosea. Kuwa bingwa wa mchezo unaouchezea peke yako ni raha isiyo na mfano. Obdulia aliila raha hiyo taratibu, kama mtu anayeramba asali kijikoni.

Akaja Kabula.

Kabula Masanja aliletwa na nyuki. Celedonio, au Cele, mfugaji nyuki wa miaka arobaini na moja, mwenye masikio makubwa na maneno machache, alikwenda Tabora kufundisha wafugaji wa huko mizinga ya kisasa. Alifundisha wiki moja. Wiki tano zilizobaki alifundishwa yeye, na mwalimu alikuwa Kabula, katibu wa ushirika. Mwaka uliofuata ushirika ukamtuma Kabula Hispania kwa mafunzo ya miezi mitatu ya kufungasha asali. Mafunzo yalikwisha mwezi wa kwanza. Miezi miwili iliyobaki walikuwa wakitafuta karatasi za ndoa.

Wao wenyewe walielewana kwa lugha waliyoitengeneza jikoni, nusu Kihispania, nusu Kiswahili, nusu kuonyesheana vidole. Najua hizo ni nusu tatu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Serikali haitambui lugha za jikoni. Serikali ilitaka kila mmoja aingie peke yake kwa karani wa usajili, aulizwe maswali yale yale kuhusu wote wawili na nyumba yao, kisha majibu yalinganishwe. Yakifanana, ni wapenzi. Yakitofautiana, ni matapeli wanaotafuta kibali cha kuishi, na bibi harusi apande ndege. Viza ya Kabula ilibakiza siku kumi na mbili.

"Shikamoo, Mama," Kabula alisema asubuhi ile ya Jumanne, akiingia dukani na koti la Cele lililomfika magotini.

"Marahaba, mwanangu. Umelala?"

"Nimelala jicho moja. Mama, wakiniuliza kitu nisichokijua?"

"Utasema hujui. Mimi nitasema hujui. Kazi yangu ni hiyo tu." Obdulia alimwonyesha kadi aliyopewa na mahakama, yenye picha yake ya enzi za meno yote. "Siongezi, sipunguzi. Naapa kabisa. Ukipiga chafya, natafsiri chafya."

Karani aliitwa Don Amancio Lerma. Alikuwa na maswali ishirini na manne kwenye karatasi iliyopigwa chapa zamani hata herufi zimechoka, na miaka thelathini hakuwahi kuruka hata moja. Kabula alijibu vizuri kwa mwendo wa kupendeza. Walionana wapi: Tabora, chini ya mti wenye mizinga kumi na miwili, kumi na mmoja yenye nyuki na mmoja wenye nyoka. Alimposa lini: kule kule, siku ya Mtakatifu Yosefu, kwa mafua na maua. Don Amancio aliandika.

Kufika swali la kumi na saba, akauliza: "¿Cómo es su novio?"

Hapa msomaji avumilie kidogo. Wahispania wana "kuwa" mbili, kana kwamba moja haitoshi kumsumbua mtu. Ya kwanza, ser, ndiyo anayotumia anayetaka kujua mtu ni nani, ametengenezwa kwa udongo gani. Ya pili, estar, ni ya yuko wapi na ana hali gani. Walimu huwadanganya wanafunzi kwamba ser ni ya kudumu na estar ni ya kupita. Basi wawapeleke makaburini, maana marehemu kwa Kihispania hutumiwa estar, na sijasikia aliyepita kwenye hiyo hali akarudi. "¿Cómo es?" anauliza tabia na sura. "¿Cómo está?" anauliza hali. Mtoto wa Valdehornos wa miaka mitatu hakosei.

Obdulia naye, Mhispania wa kuzaliwa, alilisikia swali sawasawa. Akaligeuza.

"Mchumba wako yukoje?"

Kabula akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie. Alilelewa kwenye nyumba ambako mgeni hapewi hata kigoda kabla hajaulizwa habari za kila mwenye pumzi, kuku wakiwemo. "Hajambo," akasema, "ila ana mafua. Tangu Jumapili."

"Está bien," Obdulia akatafsiri, "pero está resfriado." Hakuongeza, hakupunguza.

Don Amancio aliinua kichwa, akakishusha, akaandika. Swali la kumi na nane: mama mkwe mtarajiwa ni wa namna gani.

"Na mama mkwe yukoje?" aliuliza Obdulia.

"Amelala. Goti limemvimba tena, jana tumemkanda maji ya moto. Lakini anamshukuru Mungu."

La kumi na tisa: nyumba yao.

"Nyumba ikoje?"

"Imefungwa," alisema Kabula, akatoa ufunguo mfukoni ili serikali iutazame.

Alipotoka Kabula akaingia Cele, aliyejibu kwa lugha yake bila mkalimani, na Obdulia akabaki kwenye benchi la ukumbini akiwa ameridhika kama paka aliyekula samaki wa jirani. Kuridhika huko kulidumu robo saa. Don Amancio alitoka na karatasi mbili mkononi, akamvuta pembeni.

"Doña Obdulia, nakwambia kwa heshima tu, maana wewe ni mtu wa mahakama. Yule binti hamjui huyu bwana."

"Hamjui vipi?"

"Nimemuuliza mchumba wake ni mtu wa namna gani, kanipa taarifa ya hospitali. Kijana anasema: mimi mkaidi, mpole, sipendi kelele. Mama yangu ni jenerali. Nyumba ni ya mawe, ghorofa mbili, baridi kama kaburi. Binti anasema: mafua, goti, imefungwa." Aligonga karatasi kwa ukucha. "Majibu matatu, hakuna hata moja linalokutana na mwenzake. Hukumu yangu natoa Ijumaa, lakini nimeshaiona kutoka hapa."

Obdulia alimkuta Kabula nje kwenye ngazi, akila korosho alizotumiwa na dada yake, moja moja ili zisiishe.

"Wewe mtoto una nini? Unaulizwa Cele yukoje unajibu mafua?"

"Ana mafua, Mama."

"Waliuliza tabia yake."

Kabula aliacha kutafuna. "Mama hukuuliza tabia. Umeniuliza yukoje. Na mimi nimemwacha anakohoa, mama mkwe yuko kitandani mguu juu ya mto. Mtu akiniuliza watu wangu wagonjwa wakoje, nimwambie nini, ni warefu?"

"Yukoje inauliza na tabia pia."

"Inauliza. Inauliza yote mawili, anayejibu anaokota lililo karibu. Kwangu la karibu lilikuwa goti." Alisema bila ukali, na hapo ndipo ukali ulipokuwa. "Ungetaka tabia ungesema, ni mtu wa namna gani. Hata kule Sikonge wanasema hivyo. Hukuwahi kuwauliza ni watu wa namna gani?"

Kumbukumbu ya miaka kumi na minne ilipita mbele ya Obdulia kama foleni ya zahanati: yukoje, yukoje, mtoto yukoje, kidonda kikoje. Alikuwa muuguzi. Miaka yote ile aliuliza hali, akajibiwa hali, akaandika kwenye kadi. Tabia ya mtu hakuwa na dawa yake, kwa hiyo hakuiuliza.

"Kwani wamesemaje?" Kabula aliuliza.

"Wamesema Ijumaa," Obdulia alijibu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ukalimani, alipunguza.

Jumatano hakufungua duka. Alikaa nyuma ya kaunta akipanga vifungo kwa rangi, akavichanganya, akavipanga tena. Hesabu ilikuwa fupi. Akinyamaza, Kabula anapanda ndege, Cele anabaki na nyuki wake, na Valdehornos inaendelea kumheshimu bingwa. Akisema, kadi ya mahakama inakwenda, maana aliapa kwamba tafsiri ni aminifu na sahihi, na kwenye baa zote nne watakuwa na cha kusimulia mpaka Pasaka: mtaalamu wa Kiswahili kafundishwa Kiswahili na bibi harusi, juu ya ngazi, na korosho mdomoni.

Mficha uchi hazai, walimwambia Sikonge, tena kila mara walimwambia huku wakicheka, yeye akiwa mtawa.

Alhamisi asubuhi akaenda kwa Doña Fuencisla, mama yake Cele, kumtazama goti. Ndivyo alivyojiambia. Kumbe alikuwa anatafuta mtu wa kumkaripia, na kwa kazi hiyo wilayani hapakuwa na wa kumshinda Fuencisla. Mama alikuwa kitandani, mguu umepandishwa juu ya mito miwili, fimbo pembeni kama bunduki, akitoa amri kuhusu dengu zinazochemka chini jikoni.

Obdulia alimweleza yote. Fuencisla alisikiliza sehemu moja tu.

"Kwa hiyo msichana, mbele ya serikali, ametaja goti langu."

"Ndiyo, lakini hukuelewa. Kosa ni..."

"Na maji ya moto akayataja?"

"Akayataja."

"Na mwanangu wa kumzaa, aliyekaa tumboni mwangu miezi tisa na wiki moja, kwa uvivu ule ule alionao mpaka leo, amesemaje?"

Obdulia alitazama dari. "Kasema wewe ni jenerali."

Fuencisla akauteremsha mguu kutoka kwenye mito.

"Nipe kiatu," alisema Fuencisla.

"Utakwenda wapi na mguu huo?"

"Nakwenda kwa Amancio Lerma. Nilimfunga nepi yule. Anataka kujua nani anaijua nyumba hii? Mmoja anajua goti, mwingine anatoa vyeo, halafu tapeli awe yule wa goti?"

"Fuencisla, ukienda wewe ni kelele. Karatasi ndizo zitakazobaki pale pale. Tafsiri ni yangu. Mpaka mimi niseme."

"Basi sema. Mimi nitakaa nje nikusikilize unavyosema, usije ukarudi njiani."

Saa tano kasoro, wakati Don Amancio anajiandaa kwenda kunywa kahawa, waliingia ukumbini kama msafara: mbele Obdulia na kadi yake, katikati Cele na Kabula wakimshika Fuencisla kila mtu kwapa lake, nyuma mbwa wa nyumbani ambaye hakualikwa. Fuencisla akawekwa kwenye benchi, wale watatu wakaingia ofisini. Mlango wa ofisi, kwa bahati au kwa fimbo, haukufungika vizuri.

"Mkalimani anaomba kusema," alisema Obdulia, akasimama wima.

"Mkalimani hasemi," alijibu Don Amancio. "Mkalimani anawasemea wengine."

"Mkalimani anaomba kusema kwa niaba ya mkalimani. Kwenye swali la kumi na saba, la kumi na nane na la kumi na tisa, mkalimani alikosea. Karani aliuliza kwa ser. Mkalimani akaweka neno ambalo lingeweza kuwa hili au lile, na binti akajibu estar. Majibu ni ya kweli. Maswali ndiyo hayakuwa yako."

Don Amancio alivua miwani. Miaka thelathini watu walikuja kwenye meza ile kukana. Wa kuja kukiri hakuwa na fomu yake.

"Unaniambia," akasema polepole, "kwamba hiyo lugha haiwezi kumtenganisha mtu na mafua yake?"

"Inaweza vizuri sana. Ila haifanyii kazi hiyo kwenye 'kuwa'. Wana moja tu, wameipa mapumziko. Tofauti wanaitia kwingine."

"Kwingine wapi? Usinizungushe. Sema kwa lugha hiyo: Amancio es aburrido."

Obdulia akamgeukia Kabula kwa macho. Kabula akatikisa kichwa kidogo, sema tu.

"Amancio anachosha."

"Na Amancio está aburrido?"

"Amancio kachoka. Kachoshwa."

Don Amancio aliyaandika yote mawili kwa matamshi ya kwao, akayalinganisha. "Hakuna 'kuwa' hata moja hapa."

"Hata moja. Mlevi, wanasema ni mlevi. Aliyelewa, wanasema amelewa, na kesho ataamka mzima. Embe bichi ni bichi mpaka liive. Likishaiva, wanasema limeiva. Kilichomfika mtu wanakitia kwenye tendo lenyewe, wanasema kimeshamfika. Anapokuwepo, wanasema yupo, yuko, yumo, hapo wana tatu na sisi tunayo moja, kwa hiyo tusiwacheke. Ila kwenye swali lile mimi nilikuwa na namna mbili za kuuliza, na nikachukua ile niliyoizoea zahanati."

"Huyo wa kuchosha na wa kuchoshwa," alisema Don Amancio, "ulipokuwa ukinitafsiri Jumanne, nilikuwa yupi?"

"Mkalimani haongezi," alijibu Obdulia.

Mdomo wa Don Amancio ulitikisika upande mmoja. Akachukua karatasi mpya, akaipa kichwa cha habari: nyongeza ya kumbukumbu. "Kadi yako nitaandikia barua mahakamani, hilo siwezi kuliruka. Haya, kijana atoke. Binti akae. La kumi na saba."

Obdulia alimgeukia Kabula, akalisema neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Cele ni mtu wa namna gani?"

"Ah," alisema Kabula. "Mkaidi huyo. Ukimwambia kushoto, kulia. Lakini mpole, hata nyuki akimuuma anamwomba radhi. Na hapendi kelele, ndiyo maana haongei, anaogopa kujisikia."

Don Amancio aliandika: mkaidi, mpole, hapendi kelele. Akaweka alama pembeni.

"La kumi na nane."

Obdulia alitazama mlango uliobakiza upenyo wa vidole vitatu. Kwenye upenyo ilionekana ncha ya fimbo. "Na mama mkwe wako," aliuliza, akishusha sauti, "ni mtu wa namna gani?"

Kabula naye akaiona fimbo. Akanong'ona kwa Kiswahili, lugha ambayo mwenye fimbo haijui, akajiona salama. "Afande. Afande kabisa, mwenye nyota. Roho nzuri anayo, ila anaitoa kwa amri."

Naam. Siongezi, sipunguzi. Obdulia alivuta pumzi, na kwa Kihispania safi kilichofika mpaka kwenye benchi akatafsiri: "Ni jenerali. Ana roho nzuri, lakini huitoa kwa amri."

Nje fimbo ikaanguka sakafuni. Mbwa akabweka. Don Amancio, bila kuinua macho, akaweka alama ya pili.

Nyumba ikawa ya mawe, ghorofa mbili, na baridi ya kulaza maiti. Ijumaa saa nne karatasi ikatoka na muhuri.

Walifunga ndoa siku tano kabla viza haijaisha, wageni wakala kondoo wa tanuri na asali aina saba. Kadi ya mahakama ilikwenda kama Obdulia alivyojua itakwenda, na kwenye baa zote nne walisimulia kama alivyojua watasimulia, isipokuwa masimulizi yalikwisha hata kabla ya Kwaresima, kwa sababu mtoto wa mwokaji aliangukia kwenye pipa la mvinyo. Kwenye kibao dirishani neno la tatu halikufutwa. Liliongezewa mstari chini yake, kwa mwandiko wa Kabula: "Jumamosi mchana, walimu wawili."

Fuencisla hakumsemesha mwanawe wiki tatu. Kwa Kabula hakununa, kwa hoja kwamba neno jenerali la Cele lilikuja peke yake, na la Kabula lilitanguliwa na maji ya moto. Kila Jumamosi goti likimruhusu huteremka dukani, huketi kwenye kiti cha wateja, na kumuuliza mkwewe swali moja la Kiswahili alilojifunza kwa gharama kubwa ya taya.

"Kabula. Mimi ni mtu wa namna gani?"

"Hujambo, Mama," Kabula humjibu, akiendelea kuhesabu vifungo. "Goti limeshuka."